Kelele kwenye kichujio cha RC: kutoka nV/√Hz hadi volti za rms (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya hurudi kila mara pale wanafunzi na mafundi wa Dar es Salaam wanapoanza kujenga saketi za kupima vitu vidogo: mtetemo, uzito, mwanga hafifu. Datashiti inakupa namba yenye kipimo cha ajabu, nV/√Hz, na wewe unataka kujua kitu kimoja tu: kelele zitakazotoka mwisho wa saketi ni mikrovolti ngapi?

Ili tusirukeruke, majibu yote yanatumia saketi moja. Kihisi ni koili yenye sumaku, upinzani wake 1 kΩ, kimefungwa kwenye pampu ya kisima kusikiliza mtetemo wa beringi. Kinaingia kwenye opampu ya TL072 isiyogeuza ishara, yenye rezista ya mrejesho ya 100 kΩ na nyingine ya 1 kΩ kwenda ardhini, hivyo ukuzaji ni mara 101. Baada ya opampu kuna rezista R ya 10 kΩ na kapasita C ya 10 nF kwenda ardhini. Tunasoma volteji juu ya kapasita.

## Msingi

Hii nV/√Hz maana yake nini, na kwa nini kuna kipeuo cha pili?

Kelele za umeme hazina masafa moja. Nguvu yake imetandazwa juu ya masafa mengi, kwa hiyo huwezi kusema ni volti ngapi mpaka useme unasikiliza upana gani wa masafa. Ukiongeza upana mara mbili, nguvu ya kelele inaongezeka mara mbili. Lakini nguvu inakwenda na mraba wa volteji, hivyo volteji yenyewe inaongezeka mara √2 tu. Ndiyo maana kipimo kina √Hz chini ya mstari.

Kelele zenye msongamano sawa kila mahali huitwa kelele nyeupe. Kwa hizo, hesabu ni fupi:

Vn = en × √B

ambapo en ni msongamano wa kelele na B ni upana kwa hezi. Ugumu wote uko kwenye B. Watu wengi huweka namba isiyo yake hapo, na hesabu haikulalamikii. Inakupa jibu linaloonekana zuri tu.

Upana sawia wa kelele ni nini?

Fikiria kichujio cha kubuni, kinachopitisha kila kitu bila kupunguza mpaka masafa B, halafu baada ya hapo hakipitishi chochote. Mchoro wake ni mstatili. Sasa chukua kichujio chako cha kweli, mimina kelele nyeupe ndani yake, pima nguvu inayotoka. Upana sawia wa kelele ni ule upana wa mstatili ambao ungetoa nguvu ileile ya kelele, ukiwa na ukuzaji uleule wa juu kabisa kama kichujio chako.

Kwa kichujio cha RC cha hatua moja, chenye masafa ya mkato fc, jibu ni:

B = (π/2) × fc = 1.571 × fc

na kwa kuwa fc = 1/(2πRC), π zinakatana na kubaki:

B = 1/(4RC)

Mimi hupenda hii ya pili. Haina π, haina fc, unaingiza R na C zilizo mkononi mwako. Kwa saketi yetu: 4 × 10 kΩ × 10 nF ni sekunde 0.0004, na kinyume chake ni 2,500 Hz. Wakati huohuo fc ni 1,592 Hz.

Kwa nini nisitumie fc moja kwa moja? Si ndiyo mwisho wa kichujio?

Hapana, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Kwenye fc, RC hakijafunga chochote. Kimepunguza volteji hadi 0.707 tu, desibeli 3. Kwenye masafa mara mbili ya fc bado kinapitisha 0.447 ya volteji. Mara kumi, bado kinapitisha karibu sehemu moja ya kumi. Ni kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amesimama mlangoni anaongea.

Ishara yako ya mtetemo huenda haina kitu huko juu, ndiyo maana mkia huo hauonekani kukusumbua. Kelele nyeupe zipo huko kote, na masafa ya juu ni mengi. Ukijumlisha nguvu yote inayopita chini ya fc, kisha ukajumlisha yote inayopita juu ya fc, utakuta ziko sawasawa: nusu kwa nusu. Anayekatia hesabu fc kwa kudhani kichujio ni ukuta bahati yake ni kwamba upande wa chini anauhesabu zaidi kuliko ulivyo, maana RC huanza kupunguza kabla ya kufika fc. Makosa hayo mawili yanafidiana kidogo, lakini hayaishi. Volteji anayoipata ni ndogo mara 1.25 kuliko ya kweli, karibu desibeli 2.

Hiyo π/2 inatoka wapi?

Volteji inayopita kwenye RC, ukiipiga mraba, ni:

|H|² = 1/(1 + (f/fc)²)

Tafuta eneo lote chini ya mchoro huu kuanzia 0 hadi masafa yasiyo na mwisho. Kazi ambayo mteremko wake ni 1/(1 + x²) ni arctan x, na arctan ikienda hadi mwisho inafika π/2. Basi eneo ni fc × π/2. Hakuna makadirio hapo.

Fomula hiyohiyo inakupa kitu cha ziada chenye manufaa: sehemu ya nguvu ya kelele iliyo chini ya masafa f ni (2/π) × arctan(f/fc). Weka f = fc, arctan 1 ni π/4, unapata nusu. Tutaihitaji tena kwenye swali la programu za kuiga saketi.

## Hesabu yenyewe

Nionyesheni hesabu nzima ya saketi hii, tangu mwanzo.

Anza kwenye mdomo wa opampu, kusanya vyanzo vyote vya kelele pale. TL072 yenyewe: tuchukue 18 nV/√Hz kwenye 1 kHz. Hiyo ni thamani ya kawaida, haijaahidiwa kwa kila chipu, na matoleo ya TL072 yanatofautiana, kwa hiyo soma datashiti ya chipu uliyoishika.

Koili ya 1 kΩ ina kelele za joto, √(4kTR), ambapo k ni namba ya Boltzmann na T ni joto kwa kelvini. Kwa nyuzi 27 za Selsiasi, yaani 300 K, inatoa 4.07 nV/√Hz. Rezista mbili za mrejesho zinaonekana kama 990 Ω zikiwa sambamba, nazo zinatoa 4.05 nV/√Hz. Kelele za mkondo za TL072 ni ndogo mno kwa upinzani wa 1 kΩ, tunaziacha.

Kelele zisizohusiana hazijumlishwi kwa volti, hujumlishwa kwa miraba. 18² ni 324, 4.07² ni 16.6, 4.05² ni 16.4. Jumla 357, kipeuo chake 18.9 nV/√Hz. Angalia jinsi rezista zilivyoongeza kidogo: chanzo kikubwa ndicho kinachotawala, na ukitaka kupunguza kelele za saketi hii usihangaike na rezista, badilisha opampu.

Opampu inakuza mara 101: 18.9 × 101 ni karibu 1,910 nV/√Hz, yaani 1.91 µV/√Hz, kabla ya kichujio. Sasa upana: 2,500 Hz, kipeuo chake 50. Basi:

Vn = 1.91 µV × 50 = takriban 95 µV rms

Kama ungetumia fc badala ya B ungepata 76 µV, na ungebaki ukijiuliza mezani 19 nyingine zimetoka wapi. Ukipenda kufanya kwa Python:

```python
from math import sqrt
R, C, en = 10e3, 10e-9, 1.91e-6
B = 1/(4*R*C)
print(B, en*sqrt(B))
```

Kama unataka kujua mtetemo mdogo kabisa unaoweza kuonekana, gawanya 95 µV kwa 101: ni 0.94 µV rms kwenye koili.

Rezista ya kichujio nayo si ina kelele zake?

Inazo. 10 kΩ kwa 300 K inatoa 12.9 nV/√Hz, ikizidishwa mara 50 ni 0.64 µV rms. Mbele ya 95 µV, na kwa kuwa tunajumlisha miraba, haionekani kabisa.

Lakini jaribu kubadilisha R kwenye karatasi. Ukiiongeza mara nne, msongamano wa kelele zake unaongezeka mara mbili, huku kipeuo cha upana kikipungua mara mbili. Jibu linabaki 0.64 µV. Ukichukua 4kTR na kuizidisha kwa 1/(4RC), R zinakatana na kubaki kT/C. Kelele za joto za RC, peke yake, zinategemea joto na kapasita tu. Kwa 10 nF ni 0.64 µV, kwa kapasita ndogo ya 1 pF, kama zilizo ndani ya chipu, ni 64 µV, na huko inakuwa shida ya kweli. J. B. Johnson alipima kelele hizi za rezista na Harry Nyquist akazieleza kwa hesabu. Johnson alikuwa Bell Labs, Nyquist alikuwa AT&T, na makala zao zilitoka 1928.

Angalizo: hii inahusu kelele za R yenyewe. Kelele za opampu hazijui R ni ngapi, kwa hiyo kwake ukiongeza R unapunguza upana na kelele zinapungua kweli.

Joto la Dar linaongeza kelele?

Linaongeza, ila kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kelele za joto zinakwenda na kipeuo cha joto kwa kelvini. Boksi lililofungwa juani Mbezi likifika nyuzi 45 ni 318 K dhidi ya 300 K. Kipeuo cha uwiano huo ni 1.03, asilimia 3. Na kwenye saketi yetu rezista ni wachangiaji wadogo, kwa hiyo hata hizo 3 hazifiki. Joto litakusumbua kupitia kapasita mbovu, si kupitia Nyquist. Soma swali la kapasita za dukani hapa chini.

Osiloskopu inanionyesha kitu kipana kuliko 95 µV. Nimekosea?

Osiloskopu inaonyesha kimo kutoka bondeni hadi kileleni. Rms ni kitu kingine. Kelele za aina hii hufuata mgawanyo wa Gauss, ambao hauna kilele cha mwisho: ukisubiri zaidi utaona kilele kirefu zaidi. Desturi ni kuzidisha rms kwa 6.6, upana ambao mawimbi yanakaa ndani yake asilimia 99.9 ya muda. 95 × 6.6 ni karibu 630 µV. Kwa jicho tu, utepe mnene unaouona kwenye kioo ni mahali hapo.

Usitumie mbinu ya wimbi la sini, ya kugawanya kwa 2.83. Hapa si mahali pake.

## Mezani

Naweza kupima kwa multimita?

Kwa 95 µV, hapana. Multimita nyingi za mkononi haziwezi kusoma mabadiliko madogo hivyo, na nyingi hupoteza usahihi masafa yakipanda, wakati kelele zako zina mkia mrefu juu ya 1,592 Hz. Weka opampu nyingine ya kukuza mara 100 baada ya kichujio, upate 9.5 mV, ndipo upime. Kelele za hiyo opampu ya pili hazipiti kwenye RC, kwa hiyo upana wake ni wa opampu yenyewe, lakini zikirudishwa kwenye kapasita ni karibu 4 µV. Mbele ya 95 hazibadilishi kitu.

Halafu angalia kama multimita yako ni ya rms ya kweli. Zile za bei rahisi hupima wastani na kuzidisha kwa namba ya wimbi la sini. Zikipewa kelele za Gauss husoma chini kwa asilimia 11 hivi. Ukiona jibu limepungua kwa kiasi hicho hasa, mtuhumiwa ni multimita, hesabu yako iko salama.

Nimepata 150 µV badala ya 95. Kelele za ziada zinatoka wapi?

Hapa mjini jibu la kwanza ni karibu kila mara lilelile: 50 Hz kutoka umeme wa nyumba, na ndugu zake 100 na 150 Hz. Hizo si kelele za nV/√Hz. Ni mawimbi yenye masafa yanayojulikana, na kichujio chenye fc ya 1,592 Hz hakizigusi.

Kuna jaribio ninalolipenda, maana halihitaji kifaa cha gharama. Ongeza kapasita tatu nyingine za 10 nF sambamba na ile ya kwanza. Sasa C ni 40 nF, B imeshuka hadi 625 Hz, kipeuo chake 25. Kelele nyeupe lazima zipungue nusu, kutoka 95 hadi 48 µV. Mawimbi ya 50 Hz hayatapungua hata asilimia 1.

Fuata namba. Kama kati ya 150 µV sehemu ya 95 ni kelele, basi wimbi la umeme ni √(150² − 95²), karibu 116 µV. Baada ya kuongeza kapasita utasoma √(115² + 48²), karibu 125 µV. Ukisoma 75, basi zote 150 zilikuwa kelele nyeupe na hesabu yako ya opampu ndiyo ina kasoro. Ukisoma 125, chomoa chaja ya simu iliyo jirani, endesha saketi kwa betri, ifunike kwa boksi la chuma lililounganishwa na ardhi ya saketi, pima tena.

Matokeo ya katikati, kwa mfano 100, mara nyingi ni mchanganyiko wa vyote viwili. Inaweza pia kuwa kelele za masafa ya chini; soma swali la 1/f.

Kapasita za 103 nilizonunua Kariakoo zinafaa?

Soma herufi baada ya namba. 103 ni 10 nF kwa zote. J ni asilimia 5 juu au chini, K ni 10. Z maana yake inaweza kuzidi kwa asilimia 80 au kupungua kwa 20. Kelele zinakwenda na 1/√C, kwa hiyo 103Z iliyopungua 20 inakupa 107 µV, na iliyozidi 80 inakupa 71 µV. Herufi moja tu, majibu mbali hivyo.

Zenye Z kwa kawaida ni seramiki ya aina ya Y5V, ambayo uwezo wake unashuka sana joto likipanda. Kwenye boksi letu la juani, C inashuka, upana unaongezeka, kelele zinaongezeka, na mtu analaumu opampu. Kwa kichujio cha kupimia chukua ya filamu yenye J. Zile za kijani au kahawia zinazong'aa kama zimechovywa kwenye gundi. Bei inatofautiana kidogo, na hapa sioni sababu ya kubana.

Programu ya kuiga saketi inanipa kelele ndogo kuliko 1/(4RC). Nani amekosea?

Angalia masafa ya mwisho uliyoiambia. Kwenye LTspice amri ni kama hii:

```
.noise V(out) V1 dec 100 1 200k
```

Kisha unabonyeza jina la mchoro wa V(onoise) huku umeshika Ctrl, inakupa jumla ya rms. Lakini inajumlisha mpaka pale ulipoiambia iishie. Ukiishia fc, umepata nusu ya nguvu, na rms ni 0.71 ya kweli. Ukiishia mara kumi ya fc, 0.97. Mara mia, zaidi ya 0.99. Ndiyo maana hapo juu nimeweka 200k: ni zaidi ya mara mia ya 1,592.

Tatizo la pili ni modeli za opampu. Baadhi hazina kelele kabisa ndani yake. Ukiona V(onoise) inafanana na rezista tu, ni hivyo.

## Pembezoni

Kelele za 1/f zinaingiaje? Nazo nizidishe kwa √(1.57 fc)?

Usifanye hivyo. 1.57 ni ya kelele nyeupe tu, kwa sababu inatokana na mkia wa masafa ya juu, na kelele za 1/f hazina nguvu huko.

Chini ya masafa fulani, tuyaite fk, msongamano wa kelele za opampu unaanza kupanda kadiri masafa yanavyoshuka. Ukijumlisha kelele hizo kupitia RC kuanzia masafa ya chini fl, kinachotoka ni fk × ln(fc/fl), na hapo ni fc yenyewe, bila π/2. Jumla ya upana inakuwa:

B = 1.571 fc + fk × ln(fc/fl)

fl hutokana na muda unaotazama: ukirekodi sekunde 10, chukua 0.1 Hz. Tuseme fk ni 100 Hz. Logi asilia ya 1,592/0.1 ni 9.7, mara 100 ni 970 Hz. Jumla 3,470, kipeuo 59 badala ya 50. Kelele zinafika karibu 112 µV. Sasa ona: ukipunguza fc ili kupunguza kelele, sehemu ya kwanza inapungua upesi lakini ya pili inapungua polepole sana. Kuna mahali kuongeza C hakukusaidii tena. Kwa mtetemo wa pampu hatuhitaji chini ya hezi chache, kwa hiyo kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu baada ya opampu inaondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Opampu yenyewe ina mwisho wa masafa. Kwa nini mmeupuuza?

Kwa sababu uko mbali. TL072 ina 3 MHz, gawanya kwa 101, ni kama 30 kHz. Vichujio viwili vya hatua moja vikifuatana bila kubebeshana mzigo, upana sawia ni:

B = (π/2) × f1 × f2/(f1 + f2)

Kwa 1,592 na 30,000 Hz unapata 2,370 Hz hivi badala ya 2,500, na kelele zinashuka kutoka 95 hadi 93 µV. Kapasita ya K tu ina mashaka makubwa kuliko hayo. Zikikaribiana, tumia fomula.

Nimeunganisha mzigo wa 10 kΩ juu ya kapasita, kila kitu kimebadilika.

Ndivyo inavyopaswa. Kapasita sasa inaona 10 kΩ mbili sambamba, 5 kΩ, kwa hiyo B ni 5,000 Hz. Pia ishara imegawanywa nusu. Kelele ni 1.91 µV × 0.5 × √5000, karibu 68 µV. Usifurahie: kelele zimeshuka hadi 0.71 lakini ishara imeshuka hadi 0.5. Umepoteza. Weka opampu ya kutenganisha kabla ya mzigo.

Kitabu kimoja kinasema 1/(2RC). Kipi ni sahihi?

Vyote, kila kimoja na msongamano wake. Vitabu vya hesabu za ishara huhesabu masafa hasi na chanya, na nguvu inagawanywa pande mbili, hivyo upana ni mara mbili na msongamano wa nguvu ni nusu. Datashiti za opampu huhesabu upande mmoja. Ukichanganya, unakosea kwa √2.

Nikisoma kwa ADC, kasi ya kuchukua sampuli inabadilisha kelele?

Kila sampuli ina 95 µV rms, uwe unachukua sampuli 100 au 100,000 kwa sekunde. Sampuli za polepole hazichuji kitu: masafa ya juu yanakunjwa na kurudi chini, nguvu yote inabaki. Wengi hudhani ukichukua polepole kelele za juu zinapotea. Hazipotei.

Kinachopunguza ni kuchukua wastani, na hapo RC ina neno. Muda wake ni 10 kΩ × 10 nF, mikrosekunde 100. Sampuli zilizo karibu kuliko muda huo zinafanana, kwa kiwango cha e^(−t/RC). Ukichukua 16 kwa kasi ya 1,000 kwa sekunde, zimeachana mikrosekunde 1,000, hazihusiani, na wastani wake una kelele chini mara nne, karibu 24 µV. Ukichukua 16 hizohizo kwa kasi ya 100,000 kwa sekunde, zote zimebanana ndani ya mikrosekunde 160, na wastani unashuka kwa kama asilimia 20 tu, hadi 75 µV hivi. Zingatia pia ukubwa wa hatua ya ADC: ya biti 12 kwa 3.3 V ina hatua ya 806 µV, kubwa kuliko kelele zako, na wastani wa namba zilezile ni namba ileile.